Nani Anakwenda Mjini Jumanne?

Kwenye kikao cha kamati watu hawazungumzi kwa mpangilio wa muhtasari. Mmoja anaanza na pampu, wa pili anarukia madeni, wa tatu anajibu la yule wa kwanza, mwenyekiti anawarudisha wote nyuma, na jambo lililoonekana kwisha linafufuliwa wakati watu wameshaanza kukusanya miamvuli yao. Katibu aliye na kompyuta mbele yake anachapa kadiri maneno yanavyokuja. Mwishoni ana kurasa mbili au tatu ambazo ni sahihi kabisa, kila kauli iko pale ilipotamkwa. Lakini mpe mjumbe ambaye hakuwepo azisome. Atazisoma mara mbili, kisha atauliza: kwa hiyo tuliamua nini, na nani anafanya nini?

Kuna makatibu wanaojaribu kulikwepa tatizo hili kwa kuandaa mapema ukurasa wenye vichwa vitatu, maazimio, kazi na wahusika, halafu wanachapa moja kwa moja chini ya kichwa kinachofaa huku kikao kikiendelea. Siipendi njia hiyo. Mtu anapotamka jambo, katibu hawezi kujua kama litakuwa azimio au litakufa baada ya sentensi mbili. Akiliweka chini ya maazimio kwa sababu limesemwa kwa sauti ya uhakika, na baadaye likapingwa, itambidi arudi kulifuta huku wengine wakiendelea kuzungumza, na la sasa litampita. Wakati wa kikao, fuata mazungumzo. Kupanga kuna wakati wake, na wakati huo ni baada ya kikao, ikiwezekana siku hiyo hiyo.

Kwamba muhtasari haupaswi kubaki katika mpangilio wa mazungumzo ni jambo la zamani. Mmarekani Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi aliyewahi kukabidhiwa kuongoza mkutano wa kanisa bila kujua taratibu zake, alichapisha mwaka 1876 kitabu cha kanuni za mikutano ambacho bado kinatumika. Msimamo wake kuhusu kazi ya katibu ni kwamba muhtasari unaandika kilichotendwa na kikao, si kila kilichosemwa na wajumbe. Bunge hufanya kinyume, na lina sababu. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, ambazo wengi huziita Hansard, hufuata mazungumzo hatua kwa hatua kwa sababu mwananchi ana haki ya kujua mbunge wake alisema nini. Kamati ya shule, chama cha kuweka na kukopa, jumuiya ya watumia maji au idara ya ofisi haihitaji Hansard. Inahitaji karatasi ambayo mwezi ujao itasomwa chini ya kipengele cha yatokanayo, na kila mtu ajue anaulizwa nini.

Tuchukue kikao kimoja tukipange pamoja. Huu ni mfano niliouandaa kwa ajili ya makala haya, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya maji ya kijiji ataitambua sauti yake. Ni Jumamosi, tarehe 8 Machi. Wamo mwenyekiti, mhazini, fundi, na wajumbe wa vitongoji vitatu: Juu, Kati na Chini. Katibu amechapa hivi:

01 M/kiti – pampu imesimama tangu Jumatatu, fundi aeleze.
02 Fundi – swichi ya kuwashia imeungua, mota yenyewe nzima.
03 Mjumbe Juu – tununue mpya, ya mtumba ilitusumbua.
04 Fundi – mpya kama 180,000 mjini.
05 Mhazini – benki kuna 640,000. Ila kaya 14 hazijalipa Februari.
06 Mjumbe Chini – wakatiwe.
07 M/kiti – tumalize swichi kwanza. Tununue mpya, isizidi 200,000 pamoja na nauli. Wote wameafiki.
08 Fundi – nitakwenda Jumatatu.
09 Mjumbe Kati – hao 14 wengine wana wagonjwa, wapewe muda.
10 M/kiti – basi wapewe hadi tarehe 31.
11 Mjumbe Chini – na wakishindwa?
12 M/kiti – tutaangalia.
13 Mhazini – fomu ya benki inataka saini yangu na yake. Nitatoa hela Jumatatu.
14 Fundi – basi niende Jumanne.
15 Mjumbe Juu – bomba linavuja tena pale pale.
16 Fundi – hilo litashughulikiwa.
17 Mjumbe Kati – wenye madeni waambiwe tarehe hiyo.
18 M/kiti – ndiyo, waambiwe.
19 M/kiti – kikao kijacho Jumamosi 5 Aprili. Kimefungwa.

Namba za pembeni hazikuwepo wakati wa kikao. Katibu ameziweka baada ya kufika nyumbani, na ni jambo la kwanza kabisa la kufanya kabla ya kugusa kitu kingine. Namba ni kumbukumbu ya mahali mstari ulipotoka. Ukishauhamisha mstari ukurasa wa pili na ukasahau ulikuwa unamjibu nani, namba ndiyo itakayokurudisha. Ziandike kwa tarakimu mbili, 01, 02, 03, si 1, 2, 3, kwa maana kompyuta inayopanga maandishi huona 10 kuwa iko kabla ya 2. Halafu hifadhi faili hili kama lilivyo kwa jina lake, tuseme `kikao-08-03-ghafi`, na ufanye kazi yote iliyobaki kwenye nakala. Faili ghafi halihaririwi tena hata kwa kurekebisha herufi.

Sasa ukiangalia mistari ile utaona kishawishi: kata mstari wa 07, ubandike chini ya maazimio, kata wa 08, ubandike chini ya kazi, uendelee hivyo hadi mwisho. Jaribu uone kinachotokea. Chini ya kichwa cha kazi utakuwa na “nitakwenda Jumatatu”, “nitatoa hela Jumatatu”, “niende Jumanne” na “hilo litashughulikiwa”. Nani anakwenda, na anakwenda wapi? Jumatatu ipi? Hilo lipi? Katika mpangilio wa mazungumzo maswali haya yalijibiwa na mstari wa juu yake. Ukiutenga mstari na jirani yake, jibu linabaki kule nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote, pitia mistari yote ikiwa bado mahali pake, na ufanye kila mmoja uweze kusimama peke yake. Kiswahili kinatufanya tuwe waangalifu zaidi hapa, kwa sababu mtendaji anajificha ndani ya kitenzi. “Atakwenda” haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, mhazini au fundi. “Yake” katika mstari wa 13 ni ya nani? Aliyekuwepo anajua kuwa ni mwenyekiti, kwa vile mhazini alikuwa akimtazama. Asiyekuwepo hana namna ya kujua. Basi andika “saini ya mhazini na ya mwenyekiti”. “Pale pale” katika mstari wa 15 ni mahali bomba lilipovuja mwanzo, na kama katibu hapakumbuki amuulize mjumbe wa kitongoji cha Juu leo, si mwezi ujao. “Tarehe hiyo” ya mstari wa 17 iko mbali sana na mstari wa 10 inakotoka, na katikati kumetajwa Jumatatu na Jumanne. Mtu akiusoma haraka anaweza kudhani wenye madeni wanaambiwa kuhusu Jumanne.

Siku za wiki zina mtego wake. Katika mistari hii kumi na tisa neno Jumatatu limetokea mara tatu, na halimaanishi siku moja. Ya mstari wa 01 ni Jumatatu iliyopita, tarehe 3. Ya 08 na 13 ni ijayo, tarehe 10. Ndani ya mazungumzo kitenzi kilitosha kuonyesha tofauti, imesimama kwa upande mmoja na nitakwenda kwa upande mwingine. Nje ya mazungumzo, na hasa mwezi mmoja baadaye, kitu pekee kinachosaidia ni tarehe. Geuza kila “kesho”, “wiki ijayo” na kila jina la siku kuwa tarehe kamili, na ufanye hivyo ukiwa na kalenda mbele yako.

Baada ya hapo ndipo alama zinapowekwa. Mimi hutumia herufi nne: A kwa azimio, K kwa kazi, M kwa maelezo, na S kwa suala lililobaki bila jibu. Herufi inakaa mbele ya namba, kwa hiyo mstari wa 07 unakuwa A07 na wa 12 unakuwa S12. Mstari wenye vitu viwili hugawanywa. Ule wa 13, kwa mfano, una kazi ya mhazini kutoa fedha na kazi ya mwenyekiti kutia saini, basi unakuwa K13 na K13b. Wa 05 una taarifa mbili za mambo tofauti, salio la benki na madeni ya Februari, basi unakuwa M05 na M05b, kila moja ikienda kukaa na jambo lake.

Herufi hizi hazikuchaguliwa ovyo. Kwa mpangilio wa alfabeti A inatangulia K, K inatangulia M, na M inatangulia S. Hivyo kompyuta inaweza kukusaidia kuhamisha. Katika Word, chagua mistari yote, nenda `Home`, bonyeza kitufe chenye A na Z na mshale, uagize ipange kwa `Paragraphs`, aina `Text`, mpangilio `Ascending`. Katika LibreOffice Writer kipengele hicho kiko chini ya `Tools`, kwa jina la `Sort`. Mara moja maazimio yote yanakaa juu, kazi zinafuata, na ndani ya kila kundi mistari inabaki katika mfuatano wa kikao kwa sababu namba zipo. Tahadhari ni moja: kila kauli lazima iwe aya moja. Ukibonyeza `Enter` katikati ya sentensi, nusu ya pili haina alama na itapotelea mahali pengine. Anayetumia Excel au Google Sheets aweke alama safu ya kwanza na maneno safu ya pili, na achague safu zote mbili kabla ya kupanga, la sivyo alama zitahama na kuyaacha maneno nyuma. Mstari mmoja mmoja unaotaka kusogezwa juu au chini katika Word husogea kwa `Alt`+`Shift` pamoja na mshale, bila kukata na kubandika.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kompyuta inapanga herufi ulizoziweka wewe, na uzito wote uko kwenye kuamua ni herufi gani.

Chukua mstari wa 06: “wakatiwe”. Limesemwa kwa ufupi na kwa nguvu, na linafanana na amri. Katibu aliyechoka akiupitia ukurasa saa tatu usiku anaweza kuliwekea A. Mwezi mmoja baadaye fundi anasoma kwenye muhtasari uliosainiwa kwamba wadaiwa wakatiwe maji, anachukua spana anakwenda. Kumbe lilikuwa pendekezo la mjumbe mmoja, mwenyekiti akaliweka kando palepale, mjumbe mwingine akalipinga katika mstari wa 09, na katika mstari wa 10 kikafuata kitu kilicho kinyume chake. Kwenye mazungumzo ya mfululizo hatari hii haikuwepo, kwa sababu msomaji angefika mstari wa 10 mwenyewe. Kupanga upya ndiko kulikoileta. Kwa hiyo 06 ni M, na katika muhtasari itakaa ndani ya sentensi moja ya maelezo: kulikuwa na pendekezo la kuwakatia maji, halikupitishwa.

Sasa utajuaje kuwa jambo ni azimio? Natafuta vitu viwili: mtu mwenye mamlaka ya kufunga hoja ameifunga, na wajumbe wameonyesha kukubali, kwa kauli, kwa mikono au kwa kupita bila kupingwa pale ambapo katiba ya kikundi inaruhusu. Mstari wa 07 una vyote viwili. Mwenyekiti ametamka, na katibu alikuwa na busara ya kuchapa “wote wameafiki”. Maneno hayo mawili yana thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa mabishano, na katibu ajizoeze kuyachapa kila yanapotokea.

Mstari wa 10 ni mgumu zaidi. Mwenyekiti amesema “basi wapewe hadi tarehe 31”. Hakuna alama kwamba wengine walikubali, na mjumbe wa Chini akauliza swali badala ya kuafiki. Lakini baadaye, katika 17 na 18, watu wanalizungumzia kama jambo lililopita. Mimi ningeliwekea A, pamoja na alama ya kuuliza pembeni, halafu ningempigia mwenyekiti simu kabla ya kusambaza: hili lilipitishwa? Katibu hana mamlaka ya kulipitisha yeye kwa kulichapa chini ya kichwa cha maazimio. Simu ya dakika mbili inalinda kaya kumi na nne na inamlinda katibu mwenyewe.

Na “tutaangalia” ya mstari wa 12 si azimio wala kazi. Ni suala lililoachwa wazi, na heshima yake ni kuandikwa hivyo: hatua kwa kaya zitakazoshindwa kulipa ifikapo 31 Machi haijaamuliwa. Makatibu wengi hulifuta kwa kudhani kwamba halina maana. Lina maana sana. Kikao kijacho ni tarehe 5 Aprili, siku tano baada ya muda kwisha, na hilo ndilo jambo la kwanza litakaloulizwa. Bila kundi la S lingekuja kuwashtua wajumbe wote.

Kuna pia kauli zinazofuta kauli. Fundi katika 08 alisema atakwenda tarehe 10. Katika 14, baada ya kumsikia mhazini, akasema aende tarehe 11. Ukipanga bila kuangalia, orodha ya kazi itakuwa na safari mbili. Kanuni yangu ni kwamba la mwisho ndilo linalosimama, mradi limesemwa na mtu yule yule au na mwenye mamlaka juu yake, na lile la kwanza haliingii kwenye muhtasari kabisa. Halikuwa uamuzi wa kikao, lilikuwa ni kufikiri kwa sauti. Tofauti na hilo, kama kikao kilikuwa kimeshaazimia jambo kisha kikalibatilisha, basi yote mawili yaandikwe, kwa kuwa kubatilisha nako ni azimio.

Takwimu nazo zichunguzwe kwa jicho hilo. Fundi alitaja 180,000, mwenyekiti 200,000. Ya kwanza ni makisio ya bei, ya pili ni kikomo kilichoafikiwa pamoja na nauli. Katika azimio inaingia ya pili tu. Nimeona mihtasari inayochukua tarakimu ya kwanza kutajwa kwa sababu ndiyo iliyofafanuliwa zaidi, na fundi akirudi na risiti ya 190,000 anaulizwa amepata wapi ruhusa.

Baada ya kupanga, nusu ya juu ya ukurasa inasomeka hivi:

A07 Kamati imeazimia kununua swichi mpya ya pampu kwa gharama isiyozidi shilingi 200,000 pamoja na nauli.
A10 Kaya 14 ambazo hazijalipa ankara ya Februari zimepewa muda hadi 31 Machi. (?)
A18 Kaya hizo ziarifiwe tarehe ya mwisho ya kulipa.
A19 Kikao kijacho kitafanyika 5 Aprili.

K13 Kutoa fedha benki. Mhazini. 10 Machi.
K13b Kutia saini fomu ya benki. Mwenyekiti. Kabla ya 10 Machi.
K14 Kwenda mjini kununua swichi. Fundi. 11 Machi.
K16 Kuziba bomba linalovuja kitongoji cha Juu. Mhusika: ____ Tarehe: ____
K18b Kuziarifu kaya 14. Mhusika: ____ Tarehe: ____

Nafasi zilizo wazi ndizo zinazonipendeza zaidi katika ukurasa huu. Fundi alisema “hilo litashughulikiwa”, na kwa sikio kauli hiyo ilitosha, mjumbe wa Juu akanyamaza akiamini amejibiwa. Kwenye jedwali haitoshi. Kitenzi cha kutendwa hakina mtendaji. Litashughulikiwa, waambiwe, ifuatiliwe, ipatikane: kila ukikutana na kitenzi cha aina hii, simama ujiulize na nani. Kuna kishawishi cha kujaza jina la fundi kwa sababu yeye ndiye aliyejibu na bomba ni kazi ya fundi. Usijaze. Labda alikuwa na maana kwamba vibarua wa kitongoji watachimba kwanza. Acha nafasi wazi, umuulize yeye na mwenyekiti, ujaze jibu walilokupa.

“Tutafuatilia” ni ndugu yake. Kazi ikiwa ya kamati nzima, hakuna wa kuulizwa mwezi ujao. Hata kama watu watatu watasaidiana, andika jina moja la atakayetoa taarifa, na wasaidizi wafuate baada yake. Kwenye vikundi vyenye vyeo vinavyobadilika, andika cheo na jina pamoja. Mhazini akibadilishwa Aprili, isiwe fumbo ni mhazini yupi aliyechukua fedha Machi.

Linganisha sasa maazimio na kazi, moja moja. Azimio la A07 lina kazi tatu, kutia saini, kutoa fedha na kununua. Je, zikikamilika zote tatu, maji yatatoka? Hapana. Swichi itakuwa kwenye mfuko wa fundi. Hakuna mahali popote katika mistari kumi na tisa paliposemwa nani ataifunga, lini, na nani ataijaribu pampu. Kila mtu kikaoni alichukulia kuwa fundi ataifunga akirudi, na pengine ndivyo itakavyokuwa. Lakini katibu hawezi kuandika ambalo halikusemwa. Anachoweza ni kuongeza mstari kwenye S, kufunga swichi na kuijaribu pampu, mhusika na tarehe havikutajwa, na kulipeleka kwa mwenyekiti pamoja na yale mengine. Pengo hili lilikuwepo tangu kikaoni, ila mazungumzo yalilifunika. Limeonekana kwa sababu azimio na kazi zake vimekaa karibu.

Utaona pia kwamba kazi zinategemeana. Bila saini hakuna fedha, bila fedha hakuna safari. Kwenye kikao ilisemwa kinyumenyume: safari kwanza katika mstari wa 08, fedha katika 13, tarehe mpya ya safari katika 14. Kwa hiyo ndani ya kundi la K napenda kuacha mfuatano wa namba na kupanga kwa tarehe, saini ije juu, fedha ifuate, halafu safari. Mwenyekiti akiona jina lake liko juu kabisa anajua kuwa asipotia saini wengine wote wamekwama.

Yaliyobaki ni M, maelezo. Hapa katibu wengi hugawanyika, wapo wanaofuta yote na wapo wanaobakiza yote. Mimi hubakiza sababu ya azimio kwa sentensi moja: swichi imeungua, mota ni nzima, na ya mtumba iliwahi kusumbua. Atakayeuliza mwaka kesho kwa nini hawakununua ya bei nafuu atapata jibu. Majina ya waliobishana huyaondoa, isipokuwa mjumbe aliyeomba pingamizi lake liandikwe, maana huyo ana haki. Na mstari wa 09 unahitaji mkono mwepesi. Kwamba baadhi ya kaya zina wagonjwa ilikuwa hoja nzito kikaoni, lakini muhtasari unazunguka kwenye simu za kijiji kizima. Andika kwamba kamati ilizingatia hali za baadhi ya kaya. Inatosha.

Mahudhurio, udhuru, akidi, muda wa kufungua na kufunga havihusiki na upangaji huu. Vinakaa juu na chini kama desturi ya mahali ilivyo, iwe mnaita muhtasari kama Tanzania au kumbukumbu kama Kenya. Alama za A, K, M na S nazo zifutwe kabla ya kusambaza, na badala yake zije namba za kawaida za kikundi. Alama ni za jikoni kwa katibu. Zibaki tu kwenye nakala ya kazi, ili mtu akibisha kuhusu azimio la pili ujue limetoka mstari wa 10 na uweze kumwonyesha faili ghafi.

Kuna vikao ambavyo sivigusi kwa njia hii. Kikao cha nidhamu, cha kusikiliza shauri la mtumishi au mwanafunzi, au cha usuluhishi kati ya watu wawili, hubaki kwa mpangilio wa mazungumzo, na uamuzi huongezwa mwishoni. Huko swali lililoulizwa kabla ya jibu fulani ni sehemu ya ushahidi, na ukilihamisha umebadilisha maana ya jibu. Nani alikiri kabla ya kuonyeshwa risiti na nani alikiri baada yake si jambo la kupangwa kwa alfabeti.

Kwa kamati ya maji, kinachobaki ni kusambaza, na hapo kuna marekebisho ya mwisho. Jedwali zuri la safu nne ulilolitengeneza kwenye kompyuta huvurugika likibandikwa kwenye kundi la WhatsApp: safu zinaangukiana, na tarehe ya mtu mmoja inakaa kwenye kazi ya mwingine. Pamoja na faili lenyewe, tuma ujumbe mfupi uliopangwa kwa mhusika, jina likiwa mwanzo wa mstari. Mwenyekiti: kutia saini fomu ya benki kabla ya 10 Machi. Mhazini: kutoa fedha 10 Machi. Fundi: kununua swichi mjini 11 Machi, isizidi 200,000 na nauli. Mwenye kazi mbili apate mistari miwili mfululizo. Zile kazi zisizo na mhusika ziwekwe mwisho kwa maneno haya haya, “bado hazina mhusika”, mwenyekiti azipe wenyewe hapo hapo kundini, na katibu ajaze kwenye faili kabla ya kulichapisha kwa ajili ya saini.